Risiti Iliyokuja Kimya

Picha iliingia Alhamisi mchana, Athanasie akiwa katikati ya hesabu za mwezi uliopita. Hakukuwa na salamu wala sauti iliyorekodiwa, ila picha tu ya risiti imelazwa juu ya goti la mtu, na ukingoni mwake kipande cha mkanda wa gari. Aliyeituma alikuwa Aidah.

Athanasie alikuwa akiwawekea hesabu wafanyabiashara wadogo saba. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja Biryogo, juu ya mafundi cherehani, na kwa miaka mingi alikuwa amezoea kufanya kazi huku sakafu ikitetemeka chini ya viatu vyake. Alizaliwa na kukulia Buyenzi, Bujumbura, kwa wazazi Wanyarwanda, na alipohamia Kigali akiwa mama wa watu wazima alichagua kukaa Biryogo kwa sababu moja tu: aliposhuka ngazi asubuhi alisikia Kiswahili.

Kila mteja alikuwa na namna yake ya kutuma risiti. Silvère wa matairi alizitupa ishirini kwa mpigo, nyingine kichwa chini. Mutsinzi wa duka la dawa alizipanga kwa tarehe kama mwanafunzi mwema. Aidah, mwenye kampuni ya kupika kwenye sherehe kule Rebero, hakutuma picha hata siku moja bila kuongea. Alikulia Mwanza, na mdomo wa Mwanza haukumtoka. "Dada Athanasie, shikamoo, hii ni nyama ya ubatizo wa Jumapili, usiichanganye na ile ya kitchen party, na huyo muuza nyama ananiibia, mwone!" Kila risiti yake ilikuja na hadithi yake. Kwa hiyo ukimya huu ulimfanya Athanasie avue miwani, aifute, aivae tena.

Akaikuza picha kwa vidole. Ilikuwa risiti halali ya mashine, ile inayounganishwa na mamlaka ya kodi, kutoka duka moja la vifaa vya nyumbani mjini. Juu palikuwa na namba ya mlipakodi ya duka, chini yake namba ya kampuni ya Aidah kama mnunuzi. Kisha bidhaa zenyewe. Glasi za meza, dazeni sita. Hizo sawa, Jumamosi palikuwa na harusi ya watu mia tatu. Halafu godoro la futi nne kwa sita. Blanketi. Mito miwili. Seti ya sufuria. Jiko la gesi la vichwa viwili. Mapazia.

"Sasa wewe unataka nini?" Athanasie aliiuliza ile karatasi.

Jambo la kwanza mtu wa hesabu analolifikiria ni jumla. Lakini risiti ya mashine hujijumlisha yenyewe, na hata hivyo alijumlisha, maana mkono uliozoea haungoji kuambiwa. Bidhaa zote zilifika elfu mia tatu hamsini na nne, na ndani yake TVA, ile kodi ya asilimia kumi na nane, elfu hamsini na nne. Ilikuwa sawasawa kabisa. Aidah hangetuma picha ili aambiwe kitu kilichoandikwa chini ya karatasi kwa herufi nene.

Jambo la pili ni kupanga: kila kitu kwenye fungu lake. Glasi zingeingia kwenye vyombo vya kazi, na kodi yake kampuni ingeweza kuidai. Lakini godoro? Kampuni ya kupika hailali. Kama ni vya nyumbani kwa Aidah, basi ni matumizi ya mwenye mali, havihusiani na kodi ya kampuni hata kidogo. Ila Athanasie alipafahamu nyumbani kwa Aidah. Pale hapakukosekana godoro, na kama lingekosekana, Aidah hangenunua la futi nne.

Likabaki la tatu: kukagua makosa. Na hapo ndipo kichwa chake kilipokwama, kwa sababu ya Silvère.

Miezi miwili nyuma Silvère naye alituma risiti moja bila neno, risiti ya mafuta ya gari. Athanasie akaipanga kwenye usafiri, akaendelea na shughuli zake. Wiki moja baadaye Silvère akapanda zile ngazi akitweta. "Nilikutumia uone, wewe ukapanga! Lita themanini kwenye gari la tangi la lita hamsini, hukuona?" Dereva wake alikuwa ameshaondoka na kingine zaidi ya mafuta. Silvère alilisema jambo hilo mpaka mafundi wa chini wakazima mashine kusikiliza. Aliyeumwa na nyoka, akiona unyasi hushtuka. Tangu siku ile Athanasie alijiambia: mtu akikutumia risiti akanyamaza, ujue kuna kitu hataki kukisema kwa mdomo wake.

Alimwandikia Aidah: "Mama Shami, nimeipata. Niifanye nini?" Tiki ya ujumbe ikabaki moja. Akapiga. Simu haipatikani. Akaendelea na hesabu za Mutsinzi, lakini macho yakawa yanarudi kwenye lile godoro.

Kampuni ya Aidah ilikuwa na watu wawili tu ambao simu zao ziliandikishwa kuomba ile namba ya ununuzi, ambayo bila hiyo duka haliwezi kuandika jina la kampuni kwenye risiti. Athanasie mwenyewe ndiye aliyewaandikisha. Mmoja alikuwa Aidah. Wa pili alikuwa Nduwayo, mpishi mkuu, ambaye ndiye aliyekwenda sokoni na gari la kampuni karibu kila siku.

Nduwayo alikuwa Mrundi wa Bwiza, mtaa jirani na Buyenzi. Alipoleta bahasha za risiti Biryogo alikuwa akimwita Mama Athanasie, na walikuwa wakikaa dakika kadhaa kukumbushana njia za Bujumbura ambazo wote wawili walikuwa hawajazipita siku nyingi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye kuongea kwa kupima. Athanasie hakuwahi kumshuku kwa senti moja. Lakini hata Silvère hakuwahi kumshuku dereva wake.

Akampigia.

"Mama Athanasie, amahoro," Nduwayo aliitika kwa furaha. Nyuma yake palisikika mtu akigonga msumari.

"Amahoro. Nduwayo, nina risiti ya leo hapa. Glasi dazeni sita. Ziko?"

"Ndiyo, iko jikoni Rebero. Tulishusha yote, hakuna iliyovunjika."

"Na godoro?"

Msumari ukaacha kugongwa. "Godoro iko kwangu. Batsinda."

"Kwako."

"Ndiyo, kwangu. Na blanketi, na ile jiko."

Hapo angeweza kusema, haya, asante, tutaonana. Angeweza kuuliza jambo jingine lolote. Lakini mbele yake palikuwa na jina la kampuni juu ya karatasi, na sikioni mwake palikuwa na sauti ya Silvère. Akasema kwa ile sauti yake ya kazi, isiyo na ubaya wala uzuri:

"Vimenunuliwa kwa jina la kampuni. Umevichukua kwa ruhusa ya nani?"

Athanasie alimsikia Nduwayo akipumua, kisha akasikia mlango ukifungwa, kana kwamba ameondoka mahali palipokuwa na watu.

"Ni bosi amekutuma uniulize?"

"Risiti imetoka kwake," alisema Athanasie, na kila neno la sentensi hiyo lilikuwa kweli.

"Sawa, madame," alisema Nduwayo. "Nimeelewa." Akakata.

Athanasie alikaa ameshika simu. Lile neno "madame" lilimgusa mahali, lakini alijiambia kwamba mtu safi hukasirika akiulizwa na mtu mchafu hukasirika vilevile, na kazi yake ni kuuliza. Pembeni ya risiti aliandika: "Godoro n.k. kwa Nduwayo. Kuthibitisha na Aidah." Kisha akarudi kwenye dawa za Mutsinzi, na hadi jioni Aidah hakupatikana.

*

Ijumaa asubuhi simu ililia kabla hajashuka kununua chapati.

"Dada Athanasie," alisema Aidah. Hakukuwa na shikamoo. "Niko jikoni kwangu. Nimesimama mbele ya godoro."

"Godoro gani?"

"Unalijua godoro gani! Limeegemezwa kwenye friji. Blanketi limekunjwa juu yake, sufuria ziko kwenye boksi lake, mapazia, jiko, kila kitu. Na juu ya blanketi ameweka ufunguo wa gari. Mlinzi anasema alikuja jana jioni, akashusha peke yake, akaondoka kwa miguu. Simu yangu jana ilizima nikiwa kwa wazazi wa bibi harusi, tunaonja chakula, sikuwa na chaja. Asubuhi naiwasha nakuta ujumbe wake: 'Asante kwa yote, bosi. Mimi si mwizi.' Halafu naona wewe umenipigia mara tatu. Umemwambia nini?"

Athanasie akakaa kitandani. Akaeleza, bila kupunguza. Alipofika kwenye "ruhusa ya nani" Aidah alitoa sauti kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto.

"Mimi ndiye niliyemnunulia! Kwa pesa yangu! Mke wake anakuja Jumapili na watoto. Claudette. Miaka mitano wako kambini Uganda, sasa karatasi zimetoka. Mtu amepanga chumba, kakipaka rangi, hana hata pa kulaza watoto. Nikasema twende tukanunue glasi, tukifika pale nikamwambia chagua godoro. Unajua alivyokataa? Nilimsukuma kwa mgongo mpaka kwenye magodoro. Wakati wa kulipa, yule dada wa kaunta akaandika vyote pamoja, na mimi kichwa kilikuwa kwenye harusi, nikampa namba ya kampuni."

"Sasa kwa nini hukusema?" Athanasie alijikuta akipandisha sauti. "Wewe unayesema kila kitu! Neno moja tu, Mama Shami!"

"Nilikuwa naye ndani ya gari! Anaendesha, mimi niko pembeni yake. Nirekodi sauti nini? 'Dada Athanasie, hiki cha msaada wa Nduwayo weka kwangu'? Asikie? Nilipiga picha ili usije ukadai kodi ya godoro, nikasema ukiona tu utaelewa, na nikifika nitakuandikia. Simu ikafa."

Chini, fundi wa kwanza alianza kukanyaga cherehani yake.

Athanasie alifikiria jinsi ilivyokuwa rahisi. Risiti ilikuwa ya tarehe kumi na moja. Kodi ya mwezi huo ingepelekwa katikati ya mwezi unaofuata. Alikuwa na zaidi ya wiki nne za kungoja Aidah achaji simu yake. Haraka haikuwa ya risiti. Haraka ilikuwa yake yeye, mtu aliyeogopa kuchekwa tena na mafundi.

"Anapokea simu?" aliuliza.

"Hapokei. Na kesho nina watu mia tatu. Wasaidizi wapo, lakini pilau ya watu mia tatu haipikwi na wasaidizi." Aidah akavuta pumzi. "Wala si pilau. Hata kama kesho isingekuwepo. Mtu nimemdhalilisha."

"Si wewe. Ni mimi. Nipitie hapa, twende Batsinda."

*

Nyumba za Batsinda zimepangwa safu safu, zinafanana kama mapacha, na Aidah alikuwa amefika kwa Nduwayo mara moja tu. Walizunguka na lile gari la kampuni, Aidah akiendesha, godoro likiwa limefungwa nyuma, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa akianika nguo akawaonyesha mlango wa kijani uliopakwa rangi upya.

Nduwayo alikuwa ndani anapigilia misumari kwenye kitanda alichokuwa akikiunga mwenyewe kwa mbao. Kilikuwa kimebaki ubao mmoja. Alipowaona aliinuka, akajipangusa mikono kwenye suruali, akawakaribisha kwa adabu zote, na hakutabasamu. Chumba kilinukia rangi. Hapakuwa na kiti, kwa hiyo Aidah na Athanasie wakakaa kwenye ukingo wa kitanda kisicho na godoro, naye akabaki amesimama.

"Nduwayo, kaka yangu," Aidah alianza, "hii kitu..."

"Ngoja, Mama Shami," alisema Athanasie. "Ni yangu mimi kusema."

Akamtazama Nduwayo. Njiani alikuwa amepanga maneno, mengi ya kujieleza, yenye Silvère na dereva na lita themanini. Sasa aliyaona hayana faida, akayaacha.

"Aidah hakunituma. Hakuniambia neno lolote, zuri wala baya. Alinitumia picha ya risiti, basi. Mimi ndiye niliyeamua maana yake. Nilipaswa kumngoja, sikumngoja. Nikakuuliza kama vile ninavyomuuliza mtu nisiyemjua. Nisamehe."

Nduwayo alitazama sakafu ya saruji. "Ulisema risiti imetoka kwake."

"Nilisema."

"Usiku mzima nilikuwa najiuliza: bosi amenisukuma nichague, amecheka na mimi njia nzima, halafu anampigia mtu wa hesabu aniulize nimepata wapi. Nikasema labda ndivyo watu walivyo. Wanakupa mchana, jioni wanakuhesabia." Aliongea taratibu, bila ukali, na ndiyo sababu ilikuwa vigumu kusikiliza. "Nimetoka nchi yangu nimeacha nyumba ya vyumba vitatu. Sijawahi kulala kwenye kitu cha mtu. Nikaona bora Claudette alale kwenye mkeka, lakini uwe mkeka wangu."

Aidah alikuwa analia bila sauti, akijifuta kwa kiganja. "Mimi nilinyamaza kwa ajili yako," alisema. "Sikutaka usikie ninavyokutaja."

"Mngesema tu," alisema Nduwayo. "Ningesikia, ningeona haya kidogo, ingepita."

Nje watoto walikuwa wakikimbizana na tairi. Hatimaye Nduwayo mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Hiyo picha unayo?"

Athanasie akampa simu. Nduwayo aliisoma kwa makini, akishusha kidole mstari kwa mstari, kama anavyosoma orodha ya sokoni. Athanasie akaanza kumweleza, kwa kuwa alitaka kusema kitu kisicho cha huzuni. Glasi ndizo za kampuni. Vingine vyote ni vya Aidah binafsi, vitoke kabisa kwenye vitabu vya kampuni, na kodi yake isidaiwe. Hilo ndilo Aidah alilotaka tangu mwanzo: si jumla wala ukaguzi, ni kupanga tu.

"Mito miwili," alisema Nduwayo.

"Ndiyo, miwili."

"Mimi nilipewa mmoja."

Aidah akainua kichwa. "Mmoja?"

"Mmoja. Nilidhani umelipa mmoja. Angalia kwenye gari." Alitoka, wakamfuata, akafungua mlango wa nyuma, akapangua blanketi na mapazia. Mto ulikuwa mmoja, bado kwenye nailoni yake. "Jana niliporudisha niliogopa hata nyuzi ikipungua. Nilihesabu mara mbili. Ilikuwa mmoja."

Athanasie aliutazama ule mto. Alikuwa amekagua risiti ile juu hadi chini. Alikuwa amejumlisha, amepima kodi, ametazama namba za mlipakodi. Kosa lilikuwepo kweli, lakini halikuwa kwenye karatasi. Lingeonekana tu na mtu aliyeushika mto. Kama jana angemuuliza Nduwayo, "Mlipokea vyote vilivyoandikwa?", angepata jibu la maana, na wote wangelala.

"Basi twende dukani," alisema Aidah, akifunga mlango wa gari kwa kishindo. Nduwayo hakusogea.

"Nendeni. Mimi naenda Rebero, nyama lazima ilowekwe leo." Akamtazama Aidah. "Harusi ni ya watoto wa watu. Hawajanikosea."

"Na godoro?" Aidah aliuliza kwa sauti ndogo.

Mwanamke wa nguo alikuwa ameacha kuanika, anatazama bila kujificha. "Risiti ikibadilika," alisema Nduwayo, "ikitoka jina la kampuni, nitaipokea. Sitaki siku moja mtu mwingine akakaa kwenye kiti cha huyu madame, akafungua kitabu, akaniuliza tena."

Aliwasaidia kukaza kamba, akafunga mlango wake wa kijani, akateremka kuelekea kituo cha basi. Aidah alimwita apande gari. Alipunga mkono bila kugeuka.

*

Dukani yule dada wa kaunta alikumbuka mara moja. Mto wa pili ulikuwa umesahaulika chini ya meza, na jina la Aidah lilikuwa limebandikwa juu yake kwa kipande cha karatasi. Aliomba radhi, akauleta. Kuhusu risiti alisita, akasema mauzo yameshapita.

"Risiti haifutwi," Athanasie alimwambia. "Lakini unaweza kutoa ya kurudisha, yote, halafu uuze upya mara mbili. Glasi kwa kampuni. Vilivyobaki kwa mama huyu, bila namba ya kampuni."

Dada akamwita msimamizi wake, msimamizi akakubali, na mashine ikaanza kutoa karatasi. Kwanza ile ya kurudisha, yenye alama ya kutoa mbele ya kila tarakimu. Aidah akaomba namba mpya ya ununuzi kwenye simu yake, ikatoka ya glasi: elfu hamsini na tisa, ndani yake kodi elfu tisa. Mwisho ikatoka ndefu, yenye godoro, blanketi, mito miwili, sufuria, jiko na mapazia, na mahali pa mnunuzi pakiwa patupu. Athanasie alisoma kila moja, na safari hii akainua mito yote miwili kwa mikono yake mwenyewe kabla ya kusema iko sawa.

Ile ndefu hawakuipeleka ofisini. Aidah aliikunja, akaitia ndani ya mfuko wa mto.

Harusi ilipita vizuri. Athanasie hakualikwa, lakini Aidah alimsimulia Jumatatu asubuhi kwa sauti ya dakika sita: pilau ilisifiwa, soda zilipungua, glasi nne zilivunjika, mjomba wa bwana harusi aliomba afungiwe chakula mara tatu. Nduwayo alipika usiku na mchana na hakuongea zaidi ya chumvi na moto. Saa nane Jumapili akaenda Nyabugogo kupokea basi la Kampala. Aidah alimpeleka kwa gari la kampuni, na kwa mara ya kwanza yeye ndiye aliyeendesha na Nduwayo akakaa pembeni. Basi lilichelewa. Claudette alishuka na mtoto mmoja mgongoni, ambaye Nduwayo alimwacha tumboni, na mwingine mkononi, na huyo wa mkononi, ambaye baba yake alimwacha hajui kutembea, alimsalimia Nduwayo kwa Kiingereza cha shule ya kambini. Nduwayo alicheka mpaka akachuchumaa chini pale kituoni.

"Walilala wote wanne kwenye godoro moja," Aidah alimalizia. "Futi nne! Nimemwambia tungenunua la sita, anasema hapana, hili linatosha."

Athanasie aliisikiliza sauti hiyo mara mbili.

Yeye na Nduwayo hawakurudi walipokuwa. Mwisho wa mwezi Nduwayo alipoleta bahasha Biryogo, alizipanga risiti mezani vizuri kuliko kawaida, na nyuma ya kila moja alikuwa ameandika kwa kalamu: vimepokelewa vyote, au, vimepungua vitunguu kilo mbili. Athanasie alimkaribisha chai. Alikunywa akiwa amesimama.

"Claudette hajambo?"

"Hajambo, madame. Anatafuta shule ya mkubwa."

"Kuna moja hapa chini, mwalimu mkuu namfahamu. Wanapokea watoto wanaojua Kiingereza. Niulize?"

Nduwayo alizungusha kikombe mkononi. Cherehani za chini zilikuwa zinakimbia, sakafu inatetemeka.

"Uliza," alisema. "Lakini kwanza niongee na mama yake. Nitakuambia akikubali."

"Nitangoja," alisema Athanasie, na akavuta bahasha ya kwanza.